Zahanati ya Nani? Mashirika Yasiyo ya Kiserikali na Huduma za Afya Msumbiji

Shirika lisilo la kiserikali linaweza kuisaidia huduma ya umma, na linaweza kuchukua nafasi ya serikali katika huduma hiyo. Tofauti ya hali hizi mbili haionekani kirahisi kwa mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la zahanati, kwa kuwa dawa ni zilezile na muuguzi huenda akawa yuleyule. Tofauti iko kwenye mamlaka: nani anaajiri, nani anapanga wilaya ipi ipewe gari, ripoti ya mwezi inapelekwa kwa nani, na fedha zinapokwisha nani anawajibika kuwaambia wananchi. Mambo hayo yanapotoka mikononi mwa ofisi ya umma na kwenda kwa shirika lenye mkataba na mfadhili wa nje, shirika hilo limekuwa mbadala wa serikali, hata kama kwenye mlango wa zahanati bado kuna nembo ya wizara.

Hali hii ilienea Afrika katika miaka ya 1980 na 1990, na wanazuoni wa maendeleo wameiandikia mengi. Moja ya kazi zenye uzito ni makala ya mwanaanthropolojia wa Marekani, James Pfeiffer, iliyochapishwa mwaka 2003. Pfeiffer alikaa Msumbiji miaka mitatu, akifanya kazi na kuchunguza katika mkoa mmoja wa kati ya nchi. Hitimisho lake halikuwapendeza wengi katika sekta ya misaada. Alisema kumiminika kwa mashirika na wataalamu wa kigeni kuliuvunja mfumo wa afya vipandevipande, kukawanyang'anya viongozi wa afya wa mkoa usukani wa kazi yao, na kupanua pengo kati ya wachache wenye kipato na wengi wasio nacho. Uzito wa makala hiyo unatokana na kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa ndani ya kazi ya misaada, na aliyaona mambo hayo yakitendeka ofisini siku hadi siku.

Ili kuelewa yaliyotokea, lazima kwanza ijulikane nini kilikuwepo kabla. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Julai, serikali ya Frelimo chini ya Samora Machel ilitaifisha huduma za afya na elimu. Madaktari wengi walikuwa Wareno na waliondoka, kwa hiyo wizara ikategemea wauguzi, wakunga na maofisa tiba waliofunzwa haraka na kupelekwa vijijini. Mwaka 1976 kampeni ya chanjo ilianza nchi nzima. Mkutano wa Alma Ata wa mwaka 1978 ulipotangaza huduma za afya ya msingi kuwa njia ya kufuatwa na mataifa, Msumbiji ilikuwa tayari imeanza safari hiyo, na ilitajwa mara nyingi kama mfano wa nchi maskini iliyoamua kumfikia mwananchi wa kijijini kwa kutumia mfumo wa umma.

Vita viliharibu mengi ya hayo. Waasi wa Renamo, waliosaidiwa kwanza na utawala wa Rodesia kisha na Afrika Kusini ya makaburu, walizifanya zahanati na shule kuwa shabaha, kwa kuwa ndizo zilizoonyesha kwamba serikali mpya inawajali watu. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Lakini vita havikuwa chanzo pekee cha udhaifu uliofuata. Msumbiji ilijiunga na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1984, na mwaka 1987 ilianza mpango wa marekebisho ya uchumi. Matumizi ya serikali yakawekewa ukomo, na mishahara ya watumishi ikaporomoka. Mwandishi Joseph Hanlon, aliyeifuatilia nchi hiyo kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba mshahara wa muuguzi ulikuwa kama dola 110 kwa mwezi mwaka 1991, ukashuka hadi 60 mwaka 1993, na kufika 40 mwaka 1996. Mshahara wa daktari ulitoka dola 350 hadi chini ya 100 katika kipindi hichohicho. Sehemu kubwa ya kipindi hicho ilikuwa ya amani, wakati ambapo watumishi hao walipaswa kuijenga nchi upya.

Fedha za misaada hazikukosekana katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni njia zilizopita. Mawazo yaliyotawala Washington na London yalikuwa kwamba serikali za Afrika ni nzito, zina ufisadi, na zinastahili kupunguzwa. Mashirika yasiyo ya kiserikali yalisifiwa kuwa mepesi, yenye gharama ndogo na yaliyo karibu na wananchi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya misaada ikaelekezwa kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashirika ya kigeni yaliyofanya kazi Msumbiji hayakufika kumi. Miaka kumi baadaye yalizidi 150. Mpangilio wa matukio hapa una maana kubwa. Serikali ilinyimwa uwezo wa kulipa watu wake, kisha kushindwa kwake kukatolewa kuwa sababu ya kuipita pembeni.

Katika ngazi ya mkoa, mambo yalikwenda hivi. Shirika lilifika kwa mkurugenzi wa afya likiwa na andiko la mradi lililokwisha kukubaliwa na mfadhili Ulaya au Marekani. Malengo, wilaya, bajeti na tarehe ya mwisho vyote vilikuwa vimeandikwa. Mkurugenzi angeweza kuomba marekebisho madogo, lakini kukataa kulikuwa na gharama, kwa sababu shirika hilo ndilo lililokuwa na magari na mafuta ya kwendea vijijini. Wiki iliyofuata lilikuja shirika jingine na andiko lake, pengine la kazi hiyohiyo katika wilaya hiyohiyo. Mashirika yakagombania maeneo, kila moja likitaka liwe na wilaya yake ya kumwonyesha mfadhili, na mengine yakakwepana kiasi kwamba wilaya moja ilijaa miradi na ya jirani ikabaki mikono mitupu. Kila moja lilikuwa na fomu zake za takwimu na tarehe zake za ripoti. Kiongozi wa afya aliyesomea kusimamia chanjo, uzazi salama na kifua kikuu alijikuta akitumia mwezi wake kupokea wageni, kuhudhuria vikao vya mashirika na kutafuta saini.

Katikati ya mtandao huo kulikuwa na posho. Watumishi wa wizara walilipwa na mashirika kwa kila siku ya semina au ya safari ya usimamizi. Ni rahisi kuona nguvu ya malipo hayo kwa kufanya hesabu. Tukichukua mshahara wa muuguzi wa mwaka 1993, dola 60 kwa mwezi, na tuseme semina inalipa dola 15 kwa siku, siku nne za kukaa ukumbini zinatosha kumpa mshahara wa mwezi mzima. Muuguzi huyo ana watoto wa kulisha na kodi ya nyumba. Hakuna haja ya kumtafutia tamaa wala uvivu ili kueleza kwa nini ataiacha zahanati na kwenda semina. Mkuu wake naye anajua kwamba asipompa nafasi atakuwa anamnyima chakula, kwa hiyo semina zinagawanywa kwa zamu, kama haki, badala ya kupangwa kulingana na mafunzo yanayohitajika. Walio karibu na ofisi ya mkoa huitwa mara kwa mara, na yule wa zahanati ya mbali, ambaye ndiye angefaidika zaidi na mafunzo, huitwa mara chache.

Pfeiffer alionyesha kwamba posho ilikuwa pia silaha katika ugomvi wa mashirika. Shirika lililotaka mradi wake upewe kipaumbele liliweza kutoa semina nyingi zaidi, nyongeza ya mshahara kwa mtumishi wa wizara anayesimamia mradi, au safari ya nje. Mtumishi aliyelipwa vibaya na mwajiri wake halali akawa na waajiri wengine watatu au wanne wasio rasmi, na utii wake ukagawanyika kufuata mifuko hiyo. Wizara haikuwa na cha kushindania. Wengine waliacha kazi ya umma kabisa na kuajiriwa na mashirika. Waliokuwa na uzoefu mkubwa na lugha za kigeni ndio walioondoka kwanza, kwa kuwa ndio waliotafutwa.

Uhusiano wa kikazi kati ya wageni na wenyeji nao uliharibika. Mtaalamu wa kigeni, mara nyingine kijana aliyekuwa Afrika kwa mara ya kwanza, alikuwa na gari, nyumba nzuri na mshahara uliozidi mara nyingi ule wa mkurugenzi wa afya aliyekuwa na miaka kumi na mitano kazini. Kabla ya hapo, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, wageni wengi waliokuja kufanya kazi ya afya Msumbiji waliingia ndani ya wizara na kuripoti kwa viongozi wa Msumbiji. Mfumo wa mashirika uliugeuza mpangilio huo. Mgeni aliripoti makao makuu ya shirika lake, na mwenyeji ndiye aliyemfuata mgeni kuomba. Katika hali hiyo kusema wazi kwamba mradi haufai kukawa kugumu, na mradi usiofaa uliweza kuendelea hadi tarehe yake ya mwisho bila mtu kuukosoa.

Kinachofanya tatizo hili lisionekane mapema ni kwamba kila mradi, ukitazamwa peke yake, unaweza kuonekana umefanikiwa. Mradi wa lishe unahesabu watoto waliopimwa uzito, na idadi inapanda. Haihesabu kliniki ya wajawazito iliyofungwa siku tatu kwa sababu mkunga alikwenda kupima watoto. Tathmini ya mfadhili inaishia kwenye mipaka ya mradi, wakati hasara inatua kwenye kazi ambazo hazina mfadhili. Kwa hiyo anayetaka kujua kama mashirika yanaujenga mfumo au yanaumega, atazame zile huduma zisizo na mradi wowote: wagonjwa wa kawaida wa nje, ukarabati wa jengo, mshahara wa mhudumu wa chini kabisa. Zikidhoofika wakati ripoti za miradi zinang'aa, jibu limepatikana. Dalili nyingine ni rejista. Zahanati yenye madaftari matano ya mashirika matano na daftari la wizara lisilojazwa ni zahanati ambayo wizara haiwezi tena kuijua.

Haki inadai yasemwe pia mashirika yalichofanya vizuri. Baada ya mkataba wa Roma, wakimbizi wapatao milioni 1.7 walirudi Msumbiji kutoka nchi jirani, wengi wao wakitoka Malawi, na hakuna serikali iliyotoka vitani ambayo ingeweza kuwapokea peke yake. Watu wengi walikula, walitibiwa na kupata maji kwa sababu mashirika yalikuwepo. Katika dharura kasi ni uhai. Kosa lilikuwa kuuchukua mpangilio wa dharura na kuufanya kuwa mpangilio wa kudumu, huku chombo cha kudumu kikikosa lishe.

Hoja nzito zaidi dhidi ya mbadala huu inahusu uwajibikaji. Mwaka 1997 mwanazuoni wa Uingereza Geof Wood, akiandika kuhusu Bangladesh, ambako mashirika yameendesha shule, mikopo na afya kwa mamilioni ya watu, alieleza hatari ya serikali inayokodisha majukumu yake kwa wengine hadi ikabaki bila raia. Mwananchi asiporidhika na zahanati ya wizara ana mahali pa kwenda: kwa diwani, kwa mbunge, kwenye sanduku la kura. Njia hizo zinaweza kuwa mbovu, lakini zipo, na zinaweza kutengenezwa kwa siasa. Asiporidhika na huduma ya shirika hana njia. Halikuchaguliwa, haliwezi kuondolewa kwa kura, na mkataba wake ni kati yake na mfadhili. Anayepokea huduma anageuka mnufaika, yaani mtu wa kushukuru, na haki yake ya kudai inapotea. Mwanasheria Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameliendeleza jambo hili katika maandishi yake ya mwaka 2006 kuhusu ukimya wa mashirika hayo Afrika. Kwa maoni yake, mashirika mengi yalijitenga na siasa na historia, yakakubali bila kuhoji sera zilizoleta umaskini, na kujishughulisha na kuupunguzia makali.

Asasi za kiraia zina njia nyingine, na mfano mzuri uko Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya Thabo Mbeki ilizuia dawa ya nevirapini, inayopunguza hatari ya mama kumwambukiza mtoto virusi vya ukimwi wakati wa kuzaliwa, isitolewe katika hospitali za umma kwa ujumla. Chama cha wanaharakati cha kampeni ya tiba kingeweza kutafuta wafadhili na kufungua kliniki zake. Badala yake kiliandamana na kwenda mahakamani, na tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliiamuru serikali iitoe dawa hiyo. Huduma ikaingia katika hospitali za umma, kwa bajeti ya umma, kama haki ya kila mama. Asasi iliyofanya hivyo ilitimiza kazi ya asasi ya kiraia kikamilifu, kwa kuilazimisha dola ifanye kazi yake.

Msumbiji yenyewe haikukaa kimya. Mwaka 2000 wizara ya afya na wafadhili walitia saini makubaliano ya maadili ya ushirikiano, yaliyopewa jina la Kaya Kwanga, ili misaada ifuate mpango mmoja wa sekta. Baadaye ukaundwa mfuko wa pamoja wa afya, Prosaude, ambamo wafadhili waliokubali waliweka fedha zao chini ya usimamizi wa wizara. Kisha zikaja fedha nyingi za ukimwi, na nyingi kati yake zilipita tena kwenye mashirika. Matibabu ya virusi yalianzia katika hospitali maalumu za mchana, zilizotengwa na huduma nyingine, zenye watumishi na famasia zake. Foleni zilipozidi, wizara iliamua kuzisambaza huduma hizo kwenye vituo vya kawaida vya afya, na katika mikoa ya kati, Manica na Sofala, kazi hiyo ilionyesha kwamba vituo vya umma vinaweza kubeba matibabu hayo vikipewa watu na vifaa.

Mwaka 2008 kikundi cha mashirika, likiwemo lile ambalo Pfeiffer alifanya nalo kazi, kilitoa kanuni za maadili za kuimarisha mifumo ya afya. Mashirika yanayotia saini yanaahidi kutowapora watumishi wa umma, kutolipa mishahara inayovuruga ile ya serikali, kupunguza mzigo wa vikao na ripoti, na kuyasukuma mashirika ya fedha yaondoe ukomo unaozizuia serikali kuajiri. Ni kanuni nzuri, lakini utii wake ni wa hiari, na shirika linalozivunja haliadhibiwi.

Wafadhili wana hoja moja ambayo haiwezi kupuuzwa. Mwaka 2016 iligundulika kwamba kampuni za serikali ya Msumbiji zilikopa takriban dola bilioni 2 kwa siri, kwa dhamana ya serikali ambayo bunge halikuidhinisha. Wafadhili walisimamisha msaada waliokuwa wakiuingiza moja kwa moja kwenye bajeti. Hasira yao ilikuwa ya haki. Hata hivyo waliokopa walikuwa wakubwa wachache, na walioadhibiwa ni wagonjwa. Kuhamishia fedha kwenye mashirika hakukurudisha dola hata moja iliyoibwa. Kilichofuatilia wizi huo ni kesi mahakamani, ukaguzi huru wa hesabu na shinikizo la asasi za Msumbiji zilizodai majina yatajwe.

Gharama ya kuijenga huduma nje ya serikali ilionekana wazi mwaka 2025. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90 ili ichunguzwe, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limefungwa. Afrika Mashariki na Msumbiji watumishi waliolipwa kupitia miradi waliambiwa waache kazi, wengine ndani ya siku chache. Nchini Kenya kliniki za pekee za wanaoishi na virusi, zilizozoeleka kwa miaka mingi, zilianza kuunganishwa kwa haraka na huduma za wagonjwa wa nje. Kuunganisha ndiko wataalamu walikopendekeza tangu zamani, lakini kulifanyika bila matayarisho, na wagonjwa walilalamikia foleni na kukosa faragha.

Maamuzi hayo hayakupitishwa na bunge lolote la Afrika, na hakuna mpiga kura wa Chimoio, Kisumu wala Mbeya aliyeulizwa. Bajeti ya halmashauri au kaunti, kwa upande mwingine, ni waraka wa umma unaojadiliwa na madiwani au wawakilishi wa wadi kila mwaka. Mwananchi anayetaka kujua kama zahanati ya kijiji chake ni yake, aiombe bajeti hiyo na kutafuta mstari wa mshahara wa muuguzi na mstari wa dawa. Vikiwa havimo, aulize katika mkutano wa hadhara vitaingia lini.